Nilivyohesabu malalamiko ya simu 6,000 bila kuzisoma zote

Kazi niliyopewa ilisikika nyepesi. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ilikuwa na maandishi ya simu 6,000 za wateja, za miezi mitatu, na meneja alitaka kujua wateja wanalalamikia nini zaidi, na kwa kiasi gani. Nilifanya kile ambacho wengi hufanya: nikatafuta maneno. Neno "malipo" likaongoza kwa mbali, likionekana kwenye zaidi ya nusu ya simu. Nusura nipeleke ripoti kwamba tatizo kubwa ni malipo.

Kabla ya kuipeleka nilifungua simu 20 kati ya hizo na kuzisoma mwanzo hadi mwisho. Nyingi hazikuwa na lalamiko lolote la malipo. Mhudumu ndiye aliyelitaja, kwa sababu mwongozo wake ulimtaka aulize, "Je, ni kuhusu malipo au usafirishaji?" Nikaondoa maneno ya wahudumu, nikabaki na ya wateja peke yake. Hesabu ikashuka, lakini bado ilidanganya. Mteja anayesema "nimeshalipa, lakini mzigo haujafika" analalamikia kuchelewa. Malipo ameyataja ili kuonyesha kwamba yeye ametimiza wajibu wake. Na wale waliocheleweshewa kweli hawakutumia neno "kuchelewa". Walisema "bado nasubiri", "mpaka leo sijaona kitu", "hii ni siku ya nne". Utafutaji wa maneno uliwaruka wote hao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: soma simu chache kwa makini badala ya kupekua zote kwa neno. Simu 400 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kwa kazi ya namna hii. Mimi nilizipanga zote kwa tarehe na saa, nikachagua namba ya kuanzia kwa bahati nasibu kwa kuandika `=RANDBETWEEN(1,15)` kwenye jedwali, kisha nikachukua kila simu ya 15. Hivyo kila wiki ilipata nafasi yake, pamoja na saa za asubuhi na za jioni. Ukichukua 400 za mwisho kwa sababu ziko juu ya orodha, utapata picha ya wiki moja, na pengine wiki hiyo mfumo ulikuwa umeharibika.

Usianze kuhesabu siku hiyohiyo. Nilisoma 50 za kwanza nikiandika tu lalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, halafu nikayakusanya kwenye makundi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kila kundi linahitaji maelezo ya sentensi moja, mfano mmoja wa kweli, na kanuni ya mpaka: kipi kinaingia na kipi hakiingii. Mpaka ulionisumbua zaidi ulikuwa kati ya "mzigo umechelewa" na "mfumo unaonyesha umefika, lakini mteja hajaupata". Kwa mteja yote mawili ni kukosa mzigo. Kwa kampuni ni matatizo mawili tofauti kabisa: la kwanza linatokana na magari na maghala, la pili linatokana na mtu aliyethibitisha kupokelewa kwa kitu ambacho hakijapokelewa. Nikaandika kanuni: kama mteja ametaja kwamba ameambiwa au ameonyeshwa kuwa mzigo umefika, simu inaingia kundi la pili, hata kama amesema pia kwamba umechelewa.

Nilijua kanuni inahitajika baada ya kumpa mwenzangu simu 50 zilezile azipange bila kuona majibu yangu. Tulikubaliana kwenye 38. Kati ya 12 tulizotofautiana, 9 zilikuwa kwenye mpaka huohuo. Tofauti zikirundikana mahali pamoja hivyo, usimlaumu msomaji; rekebisha maelezo ya kundi, kisha rudia. Na kundi la "mengineyo" lisipuuzwe. Likizidi simu 1 kati ya 10, lifungue, kwa kawaida kuna lalamiko zima limejificha humo.

Hesabu simu, usihesabu mara lalamiko lilivyotajwa. Mteja mwenye hasira anaweza kurudia jambo moja mara saba kwa dakika tatu, na bado ni simu moja. Ila simu moja inaweza kubeba malalamiko mawili, hivyo jumla ya asilimia inaweza kuzidi 100. Liseme hilo wazi kwenye ripoti, maana lazima atatokea mtu wa kujumlisha.

Matokeo yangu yalikuwa haya: kati ya simu 400, kuchelewa kulionekana kwenye 109, kukatwa pesa mara mbili kwenye 61, na "umefika lakini sijaupata" kwenye 58. Kwa sampuli ya ukubwa huo, 61 na 58 haziwezi kupangwa nani wa pili na nani wa tatu. Asilimia 15 ya sampuli inaweza kuwa popote kati ya 12 na 19 kwenye simu zote. Niliandika kwamba kuchelewa ni zaidi kidogo ya simu 1 kati ya 4, na haya mawili mengine ni takriban simu 1 kati ya 7 kila moja, yakiwa sawa. Kuandika asilimia 15.25 kungeonyesha uhakika ambao sikuwa nao.

Lakini kuna jambo ambalo sampuli huficha, nalo nililigundua kwa kuchelewa. Mtu mmoja hupiga simu mara nyingi kwa tatizo moja. Ukichukua kila simu ya 15, ni nadra kumwona mara mbili, kwa hiyo unadhani kila simu ni mtu mwingine. Isitoshe, aliyepiga mara tano ana nafasi mara tano ya kuangukia kwenye sampuli yako. Nilichukua namba za mizigo kutoka kwenye sampuli nikazitafuta kwenye orodha nzima ya simu 6,000. Mzigo uliopigiwa simu tatu, simu yake niliihesabu kama theluthi. Uliopigiwa mbili, nusu. Zile 61 za kukatwa mara mbili zikawa kama 51, lakini zile 58 za "umefika" zikashuka hadi karibu 20. Ukizidisha kwa 15, unapata takriban wateja 765 waliokatwa mara mbili, na mizigo 300 tu iliyodaiwa kufika. Simu karibu sawa, watu tofauti sana. Niliweka safu zote mbili, ya simu na ya wateja, kwa kuwa safu ya kwanza inaonyesha kazi inayowaelemea wahudumu na ya pili inaonyesha walioumia. Na wenye mizigo hiyo 300 walikuwa wakipiga tena na tena kwa sababu hakuna aliyewatatulia.

Lalamiko la "simu haipokelewi" lilionekana mara 6 tu kati ya 400. Sikuliacha lisomeke hivyo. Aliyesubiri akakata simu hana maandishi yoyote kwenye faili langu. Wanaoonekana ni wale waliofanikiwa kuongea na mtu. Kando ya namba hiyo niliandika kwamba haiwahesabu waliokata kabla ya kupokelewa, nikaomba idadi yao kutoka kwa wanaosimamia mitambo ya simu.