Kodi imepanda 100, matumizi yamepanda 100: pato linaongezekaje?

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma uchumi. Kwenye zoezi letu kizidishi cha matumizi ya serikali ni 5 na cha kodi ni −4. Swali linasema serikali imeongeza kodi kwa bilioni 100 na kuzitumia zote. Nikaandika pato la taifa halibadiliki, maana kilichochukuliwa ndicho kilichorudishwa. Kitini kinasema linaongezeka kwa bilioni 100. Hizo bilioni zimetoka wapi? Na kama watu wangekuwa wanatumia 0.5 ya pato lao badala ya 0.8, jibu lingebaki hilo hilo?*

Marahaba. Zimetoka kwenye hatua ya kwanza ya mzunguko, hapo tu, na jibu haligeuki hata watu wakitumia 0.5. Tuchukue uchumi mdogo wenye vizidishi hivyo hivyo. Namba zote ni bilioni za shilingi kwa mwaka.

```
C = 200 + 0.8(Y − T)
I = 300
G = 500
T = 500
Y = C + I + G
```

Y ni pato la taifa, C ni matumizi ya kaya, I ni uwekezaji, G ni manunuzi ya serikali ya bidhaa na huduma, na T ni kodi. Kodi yenyewe ni ya mkupuo, kama kodi ya kichwa ya zamani: uwe umepata au hukupata, kiasi ni kile kile. Hatuna biashara ya nje, bei na riba zimetulia, na wazalishaji wana mashine na watu wasio na kazi, hivyo oda zikija wanaweza kuzalisha zaidi.

Ukiweka namba mahali pake unapata Y = 600 + 0.8Y, yaani 0.2Y = 600, na Y ni 3000. Kaya zinabaki na 2500 baada ya kodi. Zinatumia 200 + 0.8 × 2500, ambayo ni 2200, na kuweka akiba 300.

Sasa serikali inanunua zaidi kwa 100, kodi haijaguswa. Tuseme inajenga madarasa. Siku fundi na muuza saruji wanapolipwa, pato la taifa limeshapanda kwa 100, kwa sababu madarasa yenyewe ni uzalishaji. Wao wanatumia 80, waliowauzia wanatumia 64, kisha 51.2, na kuendelea. Jumla ya mlolongo wote ni 100 ÷ 0.2, yaani 500. Hicho ndicho kizidishi chako cha 5.

Rudi mwanzo, sasa kodi peke yake ipande kwa 100. Mkusanya kodi anapochukua hela mfukoni mwa mtu, siku hiyo hakuna kilichoacha kuzalishwa. Kodi ni hela iliyohama mkono. Uzalishaji unaguswa pale mlipakodi anapopunguza manunuzi, naye hapunguzi 100. Anapunguza 80, na 20 iliyobaki anaifidia kwa kupunguza akiba. Kwa hiyo mlolongo wa kodi unaanzia −80, halafu −64, −51.2. Jumla yake ni −80 ÷ 0.2, ambayo ni −400.

Andika milolongo hiyo miwili, mmoja chini ya mwingine:

```
Matumizi:  +100  +80  +64  +51.2 ...
Kodi:         0  −80  −64  −51.2 ...
```

Kila kitu kinafutana isipokuwa ile 100 ya kwanza, madarasa yenyewe. Umekosea kwa sababu umefuata hela, na hela kweli zimefutana. Pato la taifa linapima kilichozalishwa, na madarasa yapo ambayo mwanzo hayakuwepo.

Kama bado huamini, lijaribu jibu lako kwenye milinganyo. Chukua kwamba Y imebaki 3000 wakati G na T sasa ni 600. Kaya zinabaki na 2400, zinatumia 200 + 1920, yaani 2120. Jumlisha uwekezaji 300 na serikali 600: wanunuzi wanataka bidhaa za 3020 wakati zilizozalishwa ni za 3000. Kuna pengo la 20, bidhaa zinaanza kupungua ghalani, na wenye viwanda wanaongeza uzalishaji. Pengo la 20 mara kizidishi cha 5 ni 100. Jaribu 3100 uone: kaya zinabaki na 2500, zinatumia 2200, na 2200 + 300 + 600 ni 3100. Inakaa.

Tazama pia kwamba kaya zina 2500 ile ile waliyokuwa nayo mwanzo. Pato limepanda kwa 100 na kodi imepanda kwa 100, mkononi hakuna badiliko, basi matumizi ya kaya nayo hayajabadilika. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Kama watu hawana senti ya ziada mkononi, haina maana kuuliza ya ziada wangetumia sehemu gani. Ukitumia 0.5, kizidishi cha matumizi ni 2 na cha kodi ni −1. Ukitumia 0.9 ni 10 na −9. Tofauti ni 1 kila mara. Mnorwe Trygve Haavelmo alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1945, na tangu hapo walimu wamelipenda kwa mitihani.

Kuna mtego ambao mwaka wa pili utakukuta, na naona wanafunzi wengi wakiuingia. Kodi nyingi hasa hazitozwi kwa mkupuo. Kodi ya mshahara na kodi ya ongezeko la thamani hupanda zenyewe pato linapopanda. Tuseme kati ya kila shilingi ya ziada senti 25 zinakwenda kwenye kodi. Zinabaki senti 75, na 0.8 yake ni senti 60 zinazotumika. Kizidishi cha matumizi kinashuka hadi 1 ÷ 0.4, yaani 2.5, na cha kodi ya mkupuo kinakuwa −0.8 ÷ 0.4, yaani −2. Mwanafunzi anaongeza G kwa 100 na kodi ya mkupuo kwa 100, anapata 250 − 200 = 50, kisha anaandika kwamba kizidishi cha bajeti iliyosawazishwa sasa ni nusu.

Hesabu yake ya pato ni sawa, ila bajeti yake haikusawazishwa. Pato lilipopanda kwa 50, lile fungu la asilimia 25 liliiletea serikali 12.5 zaidi. Imekusanya 112.5 na kutumia 100. Ili makusanyo yote yapande kwa 100 tu, kodi ya mkupuo ipandishwe kwa 75. Hapo pato linapanda kwa 250 − 150, yaani 100, kodi inayofuata pato inaleta 25, na 75 + 25 ni 100. Kizidishi kimerudi kuwa 1. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa, soma swali linasema nini: kodi ya mkupuo imepanda kwa 100, au makusanyo yote yamepanda kwa 100? Hayo ni maswali mawili.

Na kuna hali ambayo sifuri yako ingekuwa jibu kamili. Serikali ikikusanya 100 na kuzigawa kwa kaya kama ruzuku, kwa mfano fedha ambazo TASAF hulipa kaya maskini, haijanunua kitu. Aliyetozwa anapunguza matumizi kwa 80, aliyepewa anaongeza 80, na milolongo yote inafutana tangu mwanzo. Hapa tumechukulia kwamba wote wawili hutumia 0.8. Katika maisha, kaya maskini hutumia karibu kila wanachopata, hivyo kutoza wenye nacho na kuwapa wasio nacho kunaweza kupandisha pato kidogo, lakini hiyo haitoki kwenye kanuni ya 1.

Sasa tufungue mipaka, maana hapo ndipo ile 1 inapovunjika kweli. Katika uchumi kama wa Tanzania au Kenya, pato likipanda watu wananunua na mafuta, simu na mashine kutoka nje. Chukua senti 20 za kila shilingi ya ziada ya pato ziende kwenye bidhaa za nje, na kodi irudi kuwa ya mkupuo. Ongezeko la pato, tuliite x, linakuwa hivi:

```
x = 100 + 0.8(x − 100) − 0.2x
0.4x = 20
x = 50
```

Kizidishi kimeshuka hadi 0.5. Kaya sasa zina pungufu mkononi, kwa kuwa zimelipa 100 na pato limerudisha 50 tu. Hiyo ni pale ambapo saruji na fundi ni wa hapa hapa. Swali gumu zaidi ni serikali yenyewe kununua nje. Tanzania iliagiza vichwa vya treni vya umeme vya reli ya SGR kutoka Korea Kusini. Tuseme ile 100 yote imekwenda kwenye ununuzi wa namna hiyo. Manunuzi ya serikali yamepanda kwa 100, bidhaa za nje zimepanda kwa 100 papo hapo, na uzalishaji wa ndani haujapata kitu katika hatua ya kwanza. Mlolongo wa kodi unabaki peke yake:

```
x = 0.8(x − 100) − 0.2x
0.4x = −80
x = −200
```

Bajeti imesawazishwa hadi shilingi ya mwisho, na pato la mwaka huo limeshuka kwa 200. Hii haina maana kwamba vichwa vya treni ni ununuzi mbaya. Faida yake iko kwenye usafirishaji wa miaka inayofuata, jambo ambalo modeli hii ya mwaka mmoja haioni kabisa. Ila ukikutana na swali lenye biashara ya nje, usiandike 1 kwa mazoea. Tafuta kwanza ile 100 ya serikali imeangukia mfukoni mwa nani, wa ndani au wa nje, kisha ndipo uanze mlolongo.