Seramu kwa mtoto wa miaka 10

Swali: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 10. Shangazi yake alimletea seti ya usoni: sabuni ya povu, tona, seramu mbili na krimu ya usiku. Wiki ya tatu sasa ngozi ya pembeni mwa pua na mdomo inachubuka, na akinawa hata kwa maji matupu analalamika inachoma. Muuzaji anasema ngozi inatoa uchafu, tuvumilie. Tuendelee, au tutafute seti ya watoto?

Jibu: Marahaba mama. Msiendelee, na msitafute seti nyingine. Acheni vyote leo, kwa pamoja. Mkiacha kimoja kimoja mtaupotezea uso wa mtoto wiki nyingine tatu.

Huo "uchafu unaotoka" nausikia kliniki karibu kila siku, na kusema kweli umenichosha. Maneno hayo yana asili yake. Mtu mwenye chunusi akianza retinoli, seli za ngozi hujibadilisha kwa kasi zaidi, na vijiziba vilivyokuwa vimejificha kwenye vinyweleo huibuka kama vipele kwa wiki kadhaa, pale pale anapotokwa na chunusi siku zote. Sasa binti yako, ambaye hukutaja kuwa ana chunusi, ana kijiziba gani cha kuibua? Tena anachopata si vipele. Ngozi inayochubuka na kuchomwa na maji matupu imeungua: utando wake wa juu, unaozuia maji yasitoke na vitu vikali visiingie, umetoboka. Kuwashwa si dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Soma nyuma ya hizo chupa. Sitashangaa ukikuta asidi ya glikoliki kwenye tona, retinoli kwenye krimu ya usiku, na manukato kwenye kila kimoja. Asidi hulegeza seli zilizokufa ili zidondoke, na retinoli huharakisha seli mpya na kuchochea kolajeni, protini inayoshikilia ngozi isilegee. Ni kazi nzuri kwa ngozi ya mtu mzima iliyopunguza mwendo. Ngozi ya mtoto bado haijapunguza chochote. Inajibadilisha kwa kasi yake, kolajeni inayo, na tezi zake za mafuta zimelala mpaka homoni za balehe zianze kuziamsha. Kwa hiyo sabuni ya povu na tona havina mafuta ya ziada ya kuondoa, vinaondoa yale machache yanayomlinda. Wapo wazazi wanaoniambia wanaanza mapema ili makunyanzi yasije. Kolajeni haiwekwi akiba, mama.

Kwa wiki mbili mpaka nne zijazo anawe kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni usoni. Mkaushe kwa kugusagusa na taulo, usimsugue, kisha mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, tabaka jembamba, asubuhi na jioni. Asidi humwacha mtu akiunguzwa na jua kirahisi, kwa hiyo avae kofia pana. Kinga ya jua ya zinki yenye SPF 30 ianze pale maji yatakapoacha kumchoma. Kuchoma huko ndiyo kipimo chako, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Uso ukivimba, ukitoa maji au kuwasha sana, mlete: huenda ni mzio, na mzio wa manukato ukishaingia mara nyingi haumtoki mtu maisha yake yote.

Ngozi ikipona inaweza kuacha weusi kwa miezi, hasa kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi. Hapo ndipo muuzaji yule yule atakuja na krimu ya kuchanganya, isiyo na orodha ya viambato, inayong'arisha uso kwa wiki moja. Ninazoziogopa zaidi ni hizo. Nyingi huwa na steroidi kali, ndiyo maana wekundu na muwasho huzimika haraka hivyo. Ukiacha, vipele vidogo hulipuka kuzunguka mdomo na macho, mzazi anarudi dukani kununua kopo la pili, na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Weusi huo uacheni uishe wenyewe.

Simaanishi kwamba dawa hazigusi watoto kabisa. Kuanzia miaka 8 hivi wapo wanaotokwa na vijiziba vyeusi puani na kwenye paji la uso, balehe ikibisha hodi, na tunawatibu, mara nyingi kwa dawa moja, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Chunusi za kweli kwa mtoto wa kati ya mwaka 1 na 7 ni jambo jingine: huyo apelekwe kwa daktari achunguzwe homoni. Binti yako hayumo katika hao. Akipona, sabuni laini mara moja jioni, losheni ngozi ikikauka, na kinga ya jua mchana.