Kakangu ameufuta ujumbe, lakini skrinshoti ninayo. Nijibuje?

SWALI: Ustadhi, assalamu alaikum. Mimi ndiye ninayeshika michango ya matibabu ya mama. Juzi usiku kakangu mkubwa aliandika kwenye grupu ya familia: "Kuna watu wanakula pesa za mgonjwa." Akaufuta kabla sijauona, lakini binamu alishapiga skrinshoti akanitumia. Nimeandika jibu kali, sijalituma. Nifanyeje? — Dada wa Pumwani, Nairobi

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Simu yangu siku hizi ina skrinshoti nyingi za ugomvi wa watu kuliko picha za wajukuu, kwa hiyo nakuelewa.

Tazama kwanza kule kufuta. Kakako alisema kwa hasira, kisha akarudi nyuma. Ukimjibu kwenye grupu utalifufua neno alilolizika mwenyewe, na hata wale waliokuwa wamelala watalisoma. Mtume (s.a.w.) amesema anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Isitoshe, picha ile ni kipande tu. Huoni kilichoandikwa juu yake, wala hujui "watu" ni nani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua.

Ila usijifiche nyuma ya hayo. Umeshika amana, na wenye kuchanga wana haki ya hesabu hata kama hakuna aliyekutukana. Hapo ndipo jibu lako lilipo.

Nimeisoma rasimu uliyoniletea: "Nimeona ulichoandika, na wewe tangu Ramadhani hujatoa hata shilingi." Sehemu ya kwanza inamchoma binamu, maana kakako atauliza nani kaituma. Ya pili huenda ni kweli, lakini ni masimango, na haimwonyeshi mtu pesa zimekwenda wapi. Zifute zote mbili.

Kwenye grupu weka hesabu peke yake, kama ambavyo ungeiweka mwezi wowote: "Assalamu alaikum. Michango ya Mama tangu Januari ni 48,000. Dawa na kliniki 41,500. Zimebaki 6,500 kwenye M-Pesa. Risiti naziweka hapa baada ya Isha." Badilisha tarakimu ziwe zako. Usiongeze "kwa wale wanaosema", kwani maneno hayo matatu yataharibu yote.

Kakako mwandikie faraghani: "Kaka, hesabu nimeiweka. Ukiona pasipoeleweka nipigie, tuipitie pamoja." Hujadanganya, na skrinshoti hujaitaja. Akiuliza mwenyewe kama uliona, mwambie ndiyo, umeyaacha yapite, na aliyekuletea usimtaje.

Andika kwenye karatasi, si kwenye wasapu, kidole kisije kikateleza. Ulale nayo, uisome tena baada ya Alfajiri. Kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira, nawe usiku ule ulikuwa mshtakiwa na kadhi kwa pamoja.

Binamu mwambie kwa upole asikuletee tena ya namna hiyo, hata kama nia yake ilikuwa njema. Fitina mara nyingi hupita mlango huo. Kisha ifute ile picha.