Utani wa maneno: wa kuchekwa na wa kugunwa

Siku za kazi natunga vichwa vya habari za michezo, na Jumamosi nashika maiki kwenye harusi. Kote kuwili riziki yangu iko kwenye kuchezea maneno, na kote kuwili hukumu haichelewi. Gazetini mwenzako anasoma ulichoandika, anaguna, kisha anakipitisha kwa sababu kurasa zinasubiriwa kiwandani. Ukumbini wanaguna wote kwa mpigo mmoja. Nimeanza kuelewa kwa nini utani mmoja unaamsha kicheko na mwingine unaamsha mguno, na sehemu kubwa ya jibu iko kwenye sarufi yetu wenyewe.

Chukua mfano wa mezani. Tuseme Tanzania Prisons wameshinda dhidi ya Simba pale Sokoine, Mbeya. Kichwa cha kwanza kinachokuja ni "Prisons yaifunga Simba". Habari imefika, hakuna wa kulalamika, hakuna wa kutabasamu. Sasa andika hivi: "Wajelajela wamfunga Mnyama". Kila shabiki anajua Wajelajela ni Prisons na Mnyama ni Simba, kwa hiyo habari ni ile ile. Ila sasa kitenzi kimoja kinafanya kazi tatu. Kufunga ni kushinda mechi. Kufunga ni kumtia mtu ndani, na wanaofunga hapa ni watu wa magereza. Kufunga pia ndivyo unavyomfanya mnyama kwa kamba. Hakuna maana hata moja niliyoibandika kwa nguvu, kwa maana kila moja ina shahidi wake ndani ya sentensi: mpira unashuhudiwa na ukurasa wa michezo, jela inashuhudiwa na "Wajelajela", kamba inashuhudiwa na "Mnyama".

Tazama pia ile herufi iliyobadilika katikati ya kitenzi. Kwenye lugha ya magazeti, klabu inabeba i: yaifunga, imefungwa, yaitoa. Ukiandika "yaifunga Simba" tayari umemwambia msomaji kwamba Simba huyu ni klabu, na simba wa porini ameshaondoka. Ukiandika "wamfunga Mnyama", ile m inamrudisha mwenye manyoya na makucha. Herufi moja ndiyo inayotenganisha taarifa na utani. Nitairudia hoja hii kwa sababu ndiyo inayowaponza watu wengi.

Kwanza, kwa nini mchezo huu unatuchekesha hata kidogo? Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani David Swinney aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno la Kiingereza ambalo lina maana ya wadudu na pia ya vinasa sauti vya kijasusi. Hata sentensi ilipoelemea wazi kwenye wadudu, kwa kitambo kidogo sana baada ya neno kusikika maana zote mbili zilikuwa macho kichwani mwa msikilizaji. Silabi chache baadaye maana isiyohitajika ilikuwa imekwishazimika. Ina maana kila unaposikia "kaa", "paa" au "kata", akili inafungua milango yote, inachungulia, kisha inafunga isiyohusika bila wewe kujua. Mtani hodari anakuwahi hapo. Anakuacha uamini mlango umefungwa, halafu analeta neno linalotokea mlango ule ule.

Mwaka 2016 Justine Kao na wenzake walichapisha utafiti uliokwenda hatua moja mbele. Walitaka kujua kinachoufanya utani mmoja wa maneno uchekeshe kuliko mwingine. Kuwa na maana mbili kulitosha kuutambulisha utani, lakini hakukutosha kueleza kwa nini huu unachekesha kuliko ule. Kilichopambanua ni kama kila maana inashikiliwa na maneno tofauti ndani ya sentensi. Hawakutumia neno mashahidi, hilo ni langu, lakini nilipoelewa hoja yao niliona ndiyo ile tunayobishania mezani kila jioni.

Sasa twende harusini, maana huko ndiko utani unakouawa kwa wingi. Bibi harusi anaitwa Neema, na mshereheshaji anatangaza: "Kweli Neema ni neema!" Ukumbi unaguna. Watu hudhani tatizo ni kwamba utani umezeeka. Umezeeka kweli, lakini hata ungezaliwa leo usingekuwa utani. Jina Neema limetokana na neema, na sentensi inasema neema mara mbili kwa maana ile ile. Hakuna mlango wa pili. Vivyo hivyo "Furaha ametuletea furaha" na "Baraka amepata baraka". Ni urudiaji uliovaa suti.

Linganisha na huu, ambao niliutumia kwa bibi harusi aliyeitwa Upendo: "Wote humu ndani tumekuja na upendo. Mmoja tu ndiye anayeondoka naye."

Ukimya, kwanza, halafu kelele upande wa bwana harusi. Utani huu wote umekaa kwenye neno la mwisho. Sentensi ya kwanza ni ya kawaida kabisa, watu wamekuja na upendo kama kadi ilivyowaomba, na kila sikio linasubiri "nao", kwa sababu upendo wa moyoni ni "nao". Inapokuja "naye", upendo unageuka mtu, amevaa shela, amekaa mbele yao. Sikutaja jina lake kwa herufi kubwa wala sikunyoosha kidole. Upatanisho wa sarufi ndio uliopiga. Ukijaribu "Mmoja tu ndiye anayeondoka na Upendo mwenyewe", umeeleza utani kabla haujatoka, na mguno utaupata, tena wa haki.

Hapo ndipo penye siri ya utani wa Kiswahili. Lugha yetu inaipa kila nomino mkia wa kuitambulisha: paa huyu yuko mbugani, paa hili linavuja; nyanya huyu ni mama yake mama, nyanya hii ni ya kachumbari. Maneno yanafanana, lakini mikia haifanani, na mkia ukitokea mapema msikilizaji anajua unaongelea kipi. Kwa hiyo una njia mbili tu. Ama unauchelewesha mkia mpaka mwisho ili uwe ndio pigo, kama kwa Upendo, ama unaficha mikia yote.

Kuficha kunahitaji ufundi zaidi. Nilikuwa nataka kutumia mbuzi, yule wa maziwa na ile ya kukunia nazi. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi: "Nina mbuzi wangu ambaye hatoi maziwa, yeye hutoa tui." Imekufa. "Wangu", "ambaye", "hatoi" na "yeye" vinapiga kelele zizini, kisha tui linaletwa kwa nguvu mwishoni. Aliyesikiliza vizuri anahisi amedanganywa, maana kifaa cha jikoni hakiwezi kuitwa "yeye". Rasimu iliyosimama ni hii: "Kwetu kuna mbuzi. Maziwa hakuna, tui tele." Pitia neno kwa neno, hutakuta kiambishi kinachosema kama mbuzi ana roho. "Kuna" na "hakuna" havimtaji mtu wala kitu. Maziwa yanashuhudia zizi, tui linashuhudia jiko, na juu ya yote tui na maziwa vinafanana kwa rangi na hata kwa kazi, kwa hiyo maana mbili zinakutana kwenye bakuli moja. Huo ukaribu ndio unaofanya mtu acheke badala ya kusema tu "aa, sawa".

Kipimo ninachotumia ni chepesi. Ondoa neno lenye maana mbili, weka mahali pake neno la kawaida la maana ya kwanza, kisha la maana ya pili. "Wajelajela wamshinda Mnyama": habari imesimama. "Wajelajela wamtia Mnyama ndani": picha imesimama. Ukipata sentensi mbili zinazosimama, una utani. Sasa jaribu "Azam yazama", kichwa ambacho sikioni ni kitamu kama pipi. Badili: "Azam yafungwa", sawa. "Azam yaingia chini ya maji"? Maji gani? Hakuna neno lililoyaleta. Kilichopo ni mlio tu, azam na zama, na mlio peke yake hupata mguno. Siukatai moja kwa moja. Kwenye kona ya ukurasa wa ndani unapita. Ukurasa wa mbele, hapana.

Kuna mguno wa aina nyingine ambao kipimo hiki hakiuoni. "Prisons yafungwa" una maana mbili na mashahidi wote, ila kila msimu Prisons wanapopoteza mechi kuna mtu anauandika upya akidhani ameuvumbua. Msomaji anaufikia kabla hajaumaliza, na mlango ambao uko wazi tayari hauna cha kumshtua. Ndiyo maana ushindi wao una thamani zaidi kwa mtunga vichwa kuliko vipigo vyao. Na Ramadhani hivyo hivyo: "amefunga lakini amefunga" kwa mchezaji aliyekuwa kwenye swaumu umechakaa. Ila nikikutana na "Afunga mchana, afunga usiku" naupitisha, kwa sababu mchana umebeba swaumu, usiku umebeba bao, na mwandishi hakuhitaji kusema chochote kingine.

Jambo la mwisho ni la wanaotungia redio. Upo utani unaoishi kwenye wino tu. "Ujenzi waenda barabara" kwenye karatasi ni mzuri, hasa ukiwa juu ya picha ya greda. Mpe mtangazaji ausome. Akitia mkazo kwenye silabi ya tatu, ba-ra-bá-ra, umesikika kwamba ujenzi unaelekea kwenye njia ya magari. Akitia mkazo kwenye silabi ya pili, ba-rá-ba-ra, umesikika kwamba mambo ni sawasawa. Kwa anayetofautisha mikazo hiyo, na watu wa Pwani wengi wanaitofautisha, mdomo umeshachagua maana moja na nyingine haikupata nafasi. "Funga" haina taabu hiyo, wala "mbuzi", kwa hiyo hizo zipeleke hewani. Barabara ibaki gazetini.