Gesi Inapopashwa Joto: Anza na Nishati ya Ndani

Katika kufundisha fizikia ya kidato cha tano na cha sita nimeona kwamba maswali ya gesi inayopashwa joto huwatatiza wanafunzi kwa sababu hukimbilia kutafuta joto, ilhali joto ndilo linalofaa kutafutwa mwisho. Ushauri wangu ni kuanza na badiliko la nishati ya ndani, kufuatisha kazi, kisha kujumlisha.

Tuchukue moli 1 ya nitrojeni ndani ya silinda yenye pistoni, ikiwa na halijoto ya kelvini 300 na kanieneo la angahewa, nasi twataka kuifikisha kelvini 400. Nishati ya ndani ya gesi kamilifu hutegemea halijoto peke yake, kwa hiyo badiliko lake ni ΔU = nCvΔT, na kwa kuwa Cv ya nitrojeni, yaani joto linalohitajika kupandisha halijoto ya moli moja kwa kelvini moja ujazo usipobadilika, ni takriban jouli 20.8 kwa kila moli na kelvini, tunapata jouli 2080. Hapo ndipo wengi hubisha: mbona tunatumia Cv hata pale kanieneo lisipobadilika? Jibu ni kwamba Cv imo humo kama sifa ya gesi yenyewe, wala haisemi lolote kuhusu njia iliyofuatwa. Kelvini 300 hadi 400 ni jouli 2080, pistoni ikae au isogee.

Tukiikaza pistoni isisogee, gesi haifanyi kazi yoyote, hivyo joto lote linalohitajika ni hizo jouli 2080. Tukiiachia pistoni huru, ujazo unapanda kutoka lita 24.6 hadi lita 32.8, na gesi inafanya kazi ya kuisukuma angahewa. Kazi hiyo ni pΔV, ambayo kwa gesi kamilifu ni sawa na nRΔT, yaani jouli 831. Joto basi ni 2080 na 831, jumla jouli 2911. Tungetoa jouli 2080 tu huku pistoni ikiwa huru, halijoto ingepanda kwa kelvini 71 na kidogo, kwani sehemu ya joto ingeishia kwenye kazi.

Mahali pengine pa kuangalia ni alama. Vitabu vingi vya fizikia huandika ΔU = Q − W, W ikiwa kazi inayofanywa na gesi; vile vya kemia huandika ΔU = Q + W, W ikiwa kazi inayofanywa juu ya gesi. Kwa hiyo jouli zetu 831 ni chanya katika fizikia na hasi katika kemia, na joto halibadiliki. Mwanafunzi anayechanganya mikataba hii miwili hupata joto la jouli 1249, ambalo ni dogo kuliko badiliko la nishati ya ndani, jambo lisilowezekana kwa gesi inayotanuka huku ikipata joto.