Kasi ikifika sifuri, inashuka kwenda wapi?

*Shikamoo mwalimu. Ninasoma ufundi mitambo hapa Tanga. Nimeunda mtambo wa pau nne kwenye SolidWorks: krenki milimita 30, upau wa kati 90, mkono unaopembea 70, na pini mbili tuli zimeachana 100. Krenki inazunguka mara 60 kwa dakika. Kwenye ripoti nimeandika: “Baada ya sekunde 0.62 kasi ya mkono inashuka chini ya sifuri na kuendelea kupungua.” Mkufunzi kaizungushia wino mwekundu bila maelezo. Kosa ni la Kiswahili au la hesabu?*

Marahaba. Kosa ni la Kiswahili, nalo limeiburuta hesabu shimoni. Mkufunzi wako ana haki ya wino wake, ingawa angekuandikia maneno mawili pembeni asingepungukiwa na kitu.

Sentensi hiyo inanikera kwa miaka sasa, wala si kwenye ripoti za mitambo tu. Watu wakiona mstari wa grafu unaelekea chini ya karatasi, mikono yao inaandika “inashuka”, “inapungua”, “inaporomoka”, kana kwamba wanasimulia mstari wenyewe na si kitu kinachopimwa. Kasi ni ukubwa wa mwendo. Kitu kikisimama, kasi yake ni sifuri, na sifuri tumeipata kwa Waarabu, *sifr*, yaani patupu. Chini ya patupu pana nini? Kama mkono umesimama, huwezi kusimama zaidi ya hapo. Kinachoweza kutokea ni mmoja kati ya mambo mawili: ubaki umesimama, au uanze kwenda upande mwingine. Wako umeanza kwenda upande mwingine, na wewe ukatuambia unapungua.

Nenda Ngamiani ukamwangalie fundi wa cherehani ya kukanyaga. Mtambo wake ni huu huu wako: kanyagio ni mkono unaopembea, fimbo inayopanda kutoka kwenye kanyagio ni upau wa kati, kikombo cha gurudumu ni krenki, na fremu ya meza ndiyo upau tuli. Tofauti ni kwamba kwake nguvu inaingilia kwenye kanyagio, kwako inaingilia kwenye krenki. Kanyagio halizunguki. Linakwenda, linasimama kitambo kidogo sana, linarudi. Mahali pale linaposimama ndipo fimbo na kikombo vinapolala kwenye mstari mmoja, na ikitokea mashine imelala hapo, fundi hana budi kulisukuma gurudumu kwa mkono ndipo aanze kukanyaga. Sasa mwambie fundi huyo kwamba kanyagio lake linaporudi, kasi yake “imeshuka chini ya sifuri”. Atakuuliza kama umekula.

Turudi kwenye pau zako. Upau mfupi kabisa ni 30 na mrefu kabisa ni 100, jumla 130. Mbili zilizobaki ni 160. Kwa kuwa jumla ya kwanza ni ndogo, na upau mfupi umeshikana na upau tuli, krenki itazunguka duara zima na mkono utapembea tu. (Kwa hiyo futa pia “mzunguko wa mkono” popote ulipouandika.) Mkono unageuka mara mbili katika kila duara: krenki na upau wa kati vinaponyooka kuwa urefu wa 120, na vinapokunjana na kuacha 60. Kati ya hapo mkono unafagia takriban nyuzi 52.

Tuanzishe saa wakati krenki imeelekea pini tuli ya mkono, mkono uko juu, na krenki inakwenda kinyume cha saa. Ni duara moja kwa sekunde, nyuzi 360. Mkono unageuka mara ya kwanza kwenye sekunde 0.10, halafu unakwenda mpaka 0.62, unageuka tena, unarudi. Kwenda kunachukua sekunde 0.52 na kurudi 0.48. Njia ni ile ile na muda wa kurudi ni mfupi, kwa hiyo kurudi ni kwa haraka zaidi. Grafu yako inasema hivyo hivyo: wakati wa kwenda kilele ni kama nyuzi 150 kwa sekunde, na wakati wa kurudi mstari unazama mpaka karibu na hasi 190, mnamo sekunde 0.94. Yaani pale ulipoandika “kuendelea kupungua” ndipo mkono unapokimbia kuliko wakati mwingine wowote katika duara zima. Umeandika kinyume kabisa cha ukweli, tena kwa sarufi safi isiyo na doa.

Usiiamini kompyuta bila kuihoji, na mashahidi wapo wawili wepesi. Krenki inapoelekea pini ya mkono, kasi ya mkono ni 360 × 30 ÷ 70, yaani nyuzi 154 kwa sekunde, na alama yake ni hasi. Inapoelekea upande wa pili kabisa, sekunde 0.5, ni 360 × 30 ÷ 130, yaani 83, na alama ni chanya. Grafu ikikupa namba nyingine hapo, umekosea kipimo au kiungo. Halafu weka grafu ya pembe juu ya grafu ya mwendo: kila pembe inapofika kilele au bonde, mstari wa mwendo lazima ukate sifuri wakati huo huo.

Sina budi kukuonya kuhusu jambo moja kwenye menyu. Ukichagua `Angular Velocity` kisha `Magnitude`, programu inakupa ukubwa mtupu. Mstari utagusa sifuri na kuruka juu kama mpira uliodunda, wala hutaona hasi yoyote. Hiyo ndiyo kasi hasa. Wewe bila shaka ulichagua `Z Component`, ikiwa Z ndiyo mhimili wa pini zako, na hiyo inabeba mwelekeo pia. Ukiugeuza mhimili, hasi na chanya zinabadilishana na mkono unapembea vile vile. Hasi hapo ni alama ya upande, haina habari ya upungufu. Na ukiacha fremu 25 kwa sekunde, krenki inaruka nyuzi 14.4 kati ya nukta na nukta, vilele vitatoka vimekatwa, weka 100.

Sasa uandike nini? Andika: “Kwenye sekunde 0.62 mkono unageuka, kisha unarudi kwa kasi inayopanda hadi takriban nyuzi 190 kwa sekunde.” Ukitaka jina la kile chenye alama, vitabu vina *kasimwelekeo*. Ni neno zito kama gunia la mkonge lililolowa, lakini linafanya kazi yake, na “kasimwelekeo hasi” sina ugomvi nayo. “Mwendokasi” usiiguse, Dar es Salaam wameshaipandisha basi. “Kasi hasi” nitaivumilia kwenye mazungumzo ya karakana, maana nimechoka kugombana na mafundi. Kwenye ripoti, hapana. Na kabla hujachapisha upya, badilisha jina la mhimili wa wima: umeandika “Kasi”, na chini yake kuna namba hasi.