Hotuba ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza: programu uielezeeje?

"Wakuu, mimi ni mwakilishi wa wanafunzi idarani. Wiki ijayo nawapokea wapya na nimepewa dakika tano kuielezea programu yetu. Nianzie wapi?"

Mkuu, nafasi hiyo niliishika miaka miwili, na hotuba ya kwanza niliiharibu. Nilibeba mwongozo wa programu nikaanza kusoma kozi, muhula baada ya muhula. Kufika mwaka wa pili, ukumbi mzima uko kwenye simu. Tulipotoka wakanifuata kuniuliza yaleyale niliyotoka kuyasoma. Orodha ile walikuwa nayo mikononi. Walichokuwa hawajui ni kozi ipi inafungua mlango wa ipi.

Mwaka uliofuata nikafuata mnyororo mmoja tu. Sisi tulikuwa watu wa takwimu, basi nikawaambia: muhula huu mna Kalkulasi, na utaiona kama kozi ya kupita tu. Lakini mwaka wa pili kuna Probabiliti, na humo uwezekano unapatikana kwa kutafuta eneo lililo chini ya mchoro, kazi ambayo unafundishwa kwenye Kalkulasi. Ndiyo maana hukubaliwi kujisajili kabla hujaifaulu. Bila Probabiliti huingii kozi ya kupima nadharia tete, na bila hiyo mradi wa mwaka wa mwisho hupewi. Kwetu kila kozi ilifundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ukianguka hata kwenye mtihani wa marudio, unasubiri mwaka mzima. Hapo simu zilishuka.

Halafu nikagusa krediti, kwa sababu wengi hudhani ni pointi za kukusanya. Kozi yetu ya krediti 10 ilihesabiwa saa 100 za kazi, na darasani tulikaa kama 40. Zile 60 zilizobaki hakuna anayekugongea kengele. Angalia hesabu ya kwenu, maana vyuo havifanani.

Kuhusu cheo chako, sema wazi mipaka yake. Mimi niliwaambia alama siwezi kuzigusa, ila vipindi vikigongana au matokeo yakichelewa, niletewe nipeleke idarani. Usipolisema hilo utaletewa mpaka mambo ya godoro.

Masharti ya kozi mpitishie mratibu wa programu kabla hujapanda jukwaani. Mimi niliwahi kuitangaza kozi moja kuwa ya hiari, kumbe mwaka ule ilishafanywa ya lazima. Nilizunguka siku tatu kusahihisha, na bado wawili walichelewa kujisajili.

Utani wa "mhadhiri fulani anakamata" uache kabisa. Wewe unacheka, mwenzio anaingia darasani ameshakata tamaa.

Isome kwa sauti ukiwa na saa. Yangu ya ukurasa mmoja na nusu ilijaza dakika tano zote. Ukimaliza, simama mlangoni: wenye maswali ya kweli hawanyooshi mkono mbele ya watu.